Hongera, Mkurugenzi

Hongera, Mkurugenzi, kwa maombi ya ithibati uliyopeleka NACTVET. Faili ni nene, limefungwa utepe, na mtaala umepangwa vizuri mno. Shida ni ukurasa wa 14 tu, ambao bado una jina la chuo kingine chenye mtaala huo.

Orodha ya walimu nayo inapendeza. Mwalimu wako wa umeme ana cheti, picha na sahihi, ila wakati huohuo ameandikwa mwajiriwa wa kudumu Mbeya na Tanga. Mkaguzi mchokozi ataomba mkataba na stakabadhi za michango ya NSSF, kana kwamba mwalimu akishaandikwa ni lazima alipwe.

Karakana ndiyo imenoga. Mashine ya kukereza chuma iliingia jana usiku. Haijafungwa bolti sakafuni, na chini yake hakuna chembe ya chuma wala doa la oili. Inataka umeme wa njia tatu. Mita yako ni ya njia moja. Namba iliyogongwa kwenye kibati chake haimo kabisa katika rejesta ya vifaa. Ripoti ya ukaguzi wa ndani, hata hivyo, inasema wanafunzi wameitumia mwaka mzima.

Ukinyimwa ithibati utalalamika kwamba NACTVET ina urasimu. Haya, lalamika. Lakini anayepiga simu kila dakika kutaka mashine irudi kabla ya saa kumi jioni si NACTVET, ni jirani yako mwenye gereji.