Bima Ipo, Mjomba Hayumo

Sentensi fupi kuliko zote katika barua ya ajira ndiyo inayosomwa kwa sauti kubwa nyumbani: "Mwajiriwa atapatiwa bima ya afya." Mshahara hunong'onwa, maana ukisikika utakopwa. Saa za kazi hazimhusu mtu. Bima ndiyo hutangazwa, na kabla jua halijazama ukoo mzima kuanzia Mzinga hadi Matombo umeshajua kwamba binti yao sasa anatibiwa bure, na wengine wameanza kuugua kwa niaba yake. Nasema sentensi hiyo inapotosha kwa pande mbili. Humfanya mhitimu atarajie vitu visivyomo, na hilo kila mtu hulilalamikia. Humfanya pia aviache vilivyomo, na hilo halilalamikiwi kabisa, kwa sababu aliyeviacha hajui kwamba vilikuwa vyake. Kwa maoni yangu hasara hii ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo isiyo na mwenyewe.

Tumtunge mhitimu mmoja, kwa kuwa wa kweli ana haki ya siri zake za hospitali. Tumwite Tatu. Amemaliza shahada yake Mzumbe, amepanga chumba Mzinga, na kila asubuhi hupanda daladala kwenda mjini Morogoro, ambako kampuni ndogo ya pembejeo imempa kazi ya kwanza maishani kwa mshahara wa shilingi 700,000. Kampuni imejiunga na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ule ulioanzishwa kwa sheria ya 1999, ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali, kisha ukafungua mlango kwa wengine. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Kwa Tatu ni shilingi 21,000 zinazokatwa kwake na 21,000 nyingine anazoongeza bosi, jumla 42,000 kila mwezi. Hapo neno "bure" limeshakufa, ingawa msiba wake hautangazwi. Hati ya mshahara huandika makato kwa vifupisho ambavyo mwajiriwa mpya huvitazama mara moja, akaguna, akaikunja.

Siku ya kwanza kazini alipewa fomu. Sehemu ya juu ilimtaka jina, tarehe ya kuzaliwa na picha. Sehemu ya chini ilimuuliza juu ya wategemezi. Tatu ana miaka 24, hana mume wala mtoto, na amelelewa kusema kweli. Akaandika "Sina", akapiga mstari mrefu kukata nafasi zote zilizobaki, kama mtu anayezuia asiongezewe deni. Ofisa utumishi akaipokea, akaisifu kwa usafi wa mwandiko.

Mwezi wa tatu jino likamwamsha usiku. Jumamosi asubuhi Tatu akapita mbele ya hospitali ya mkoa bila kugeuza shingo, akaingia kliniki binafsi yenye vigae vinavyong'aa na kiyoyozi kinachotetemesha hata mwenye homa. Dada wa mapokezi akaingiza namba ya kadi, akasubiri, akaingiza tena. Kadi haifanyi kazi. Si kwamba ni bandia. Michango ya mwezi haijafika. Hili ni jambo la kwanza ambalo barua ya ajira haisemi: kadi huishi kwa pumzi ya mhasibu. Makato yakishafanyika kwa mfanyakazi, mfanyakazi huamini yameshalipwa, kumbe kati ya kukatwa na kulipwa kuna ofisi, kuna saini, na wakati mwingine kuna mhasibu aliyekwenda kuzika Kilosa. Tatu akalipa taslimu, akapewa dawa ya maumivu, akatunza risiti kwa uangalifu akidhani Jumatatu atarudishiwa pesa. Kwa kawaida Mfuko hukilipa kituo kilichomhudumia mgonjwa, haumrudishii mgonjwa fedha aliyoitoa mfukoni. Risiti ile bado ipo, na wino wake umeshafifia.

Wiki iliyofuata kadi ikafufuka, na hapo ndipo mwenye bima anapokutana na jambo la pili: kadi ni ufunguo wa orodha. Orodha hiyo huitwa kitita cha mafao. Ndani yake mna kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, upasuaji, huduma za meno na macho, hata miwani. Jino la Tatu lilikuwamo. Kilichokuwa nje ni ombi lake dogo la pembeni kwamba, wakati kinywa kiko wazi, meno ya mbele nayo yang'arishwe kidogo kwa ajili ya harusi ya rafiki yake. Urembo haumo. Dawa nazo hufuata orodha ya taifa ya dawa muhimu, ambamo dawa hutajwa kwa jina lake la asili wala si kwa jina la kampuni iliyoipaka rangi. Kwa hiyo mgonjwa aliyezoea kidonge cha boksi la bluu hupewa cha karatasi nyeupe, akaondoka akiamini amepunjwa, ilhali kiini ni kile kile. Vipimo vikubwa vya mashine huhitaji kibali kabla, na ukitaka kwenda Muhimbili huanzi Muhimbili. Unaanza chini na kupanda kwa rufaa, zahanati hadi kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda. Ukiwa mtoto wa Uluguru kupanda si jambo geni, ila wengi walitegemea kadi ingewapeleka juu kwa gari.

Malalamiko ya aina hii ndiyo yanayojaza vijiwe, na sehemu yake ni haki. Lakini tazama kilichotokea kwenye foleni siku hiyo hiyo. Mbele ya Tatu alisimama kijana wa rika lake, naye hana mke, amemshika mkono mama mzee mwenye goti bovu. Walipoondoka, Tatu akamuuliza dada wa mapokezi kwa mshangao, "Yule mama naye ameajiriwa?" Dada akacheka. "Hapana, mdogo wangu. Ni mtegemezi wa mwanawe. Wewe wako hukumwandika?" Katika mpango huu wa kuchangia kwa mshahara, mwanachama huandikisha mwenza wake na wategemezi wengine hadi wanne, na mzazi yumo miongoni mwa wanaokubalika. Makato hayaongezeki kwa kumwandika. Zile 42,000 za Tatu zilikuwa zile zile akiwa peke yake au akiwa na baba na mama. Kwa miezi mitatu mama yake alikuwa akiteremka kutoka milimani na kichwa cha presha na mkungu wa ndizi, akiuza ndizi ili anunue dawa, huku nafasi yake kwenye fomu ikiwa imekatwa kwa mstari mnyoofu wa rula.

Hapa ndipo ninaposimamia hoja yangu. Tatu alipokosa kung'arishiwa meno alipoteza kitu ambacho hakikuwa chake. Alipoandika "Sina" alipoteza kitu alichokuwa akikilipia. Na hakuandika hivyo kwa ujinga. Ni fomu iliyouliza kwa lugha ya ofisi. Mhitimu anaposikia "mtegemezi" humwona mtoto mwenye pua inayochuruzika, hamwoni mama aliyemlipia ada. Kosa lenyewe hurekebishika: cheti cha kuzaliwa cha Tatu chenye jina la mama, picha ya mama, fomu nyingine kupitia kwa mwajiri. Ila hakuna anayelirekebisha bila kujua kwamba lipo.

Mjomba ni habari nyingine. Kwa Waluguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa zaidi katika mambo ya ardhi na ndoa kuliko baba mzazi. Habari za mama kuandikwa zilipofika Matombo, mjomba alifunga safari akiwa na picha mbili tayari, amevaa kofia. Sheria ya bima, ambayo bila shaka iliandikwa na watu wasio Waluguru, inamtambua baba, mama, hata wakwe, lakini mjomba haimjui. Hakuna cheti kitakachomwingiza. Nasikitika kwa niaba yake, na nakiri kwamba mpaka huo una maana: ukimfungulia mjomba mmoja wa Uluguru, kesho utajengewa banda la kusubiria.

Watakuwapo watakaosema kwamba msomi wa shahada hana sababu ya kusomewa, ajisomee. Ningekubali kama angepewa cha kusoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwamo ya mafao anayopata. Maneno matano kwenye barua si maelezo ya mafao. Ni kichwa cha habari bila habari. Wengine watasema farasi wa kupewa hatazamwi meno. Farasi huyu hakutolewa kama zawadi: nusu ya bei ametoa Tatu, na nusu ya pili mwajiri anaitoa kwa sababu Tatu anamfanyia kazi.

Pingamizi lenye uzito ni la tatu, kwamba Mfuko usipoweka mipaka utafilisika, na watu wakijua kila kilichomo watakimaliza. Mipaka ni lazima, na hata ikiwekwa haiwaridhishi wote. Machi 1, 2024, Mfuko ulipoanza kutumia kitita chenye bei mpya, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye kadi zikisema malipo hayatoshi. Mwenye kadi aliyekuwa ameijua kliniki moja tu yenye kiyoyozi alikwama mlangoni. Aliyejua kwamba hospitali ya mkoa nayo inaipokea kadi ile ile alivuka barabara. Kujua mipaka hakuumalizi Mfuko. Ama kuuendesha kwa kutegemea kwamba wachangiaji hawatajua mama zao wanastahili, huo nisingeuita uangalifu wa fedha.

Tena si kila bima ni hii. Mwajiri mwingine hununua bima ya kampuni binafsi yenye kikomo cha shilingi kwa mwaka, na kikomo kingine kidogo zaidi cha meno na macho. Mwingine huwaelekeza wafanyakazi kwenye fao la matibabu la mfuko wa hifadhi ya jamii. Na ukivunjika mguu ukiwa kazini, wa kukufidia ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Kwenye mshahara wako haukatwi hata senti. Zote hizo barua ya ajira huweza kuziita "bima ya afya" bila kuona haya.

Kwa hiyo, ewe uliyepata barua juzi na tayari umeshapigiwa simu na shangazi watatu: kabla ya kusaini, mwombe ofisa utumishi akuandikie ni bima ipi, vituo gani Morogoro vinaipokea, michango hupelekwa tarehe ngapi, na nani wanaweza kuandikwa chini ya jina lako. Ukifika kwenye nafasi za wategemezi, weka kalamu chini kwanza, umpigie mama yako simu, umwambie atume picha.