Nimezaa Shangazi

Mwenzenu nimepata mtoto. Wa kike, kilo tatu na ushee, mapafu kama king'ora. Pongezi baadaye, kwanza nisikilizeni. Mimi naitwa Juma. Baba yangu Hamisi. Babu Omari, mvuvi wa Pangani. Juma Hamisi Omari. Hata muuza genge hapa anaelewa: huyu, mwana wa yule, mwana wa yule. Kwa hiyo mtoto ni Rehema Juma Hamisi. Cheti cha kuzaliwa cha hapa Dar kikatoka hivyo hivyo. Nikakikunja, nikakitia kwenye bahasha, nikajiona baba.

Sasa mke wangu, Pilar, ni wa Hispania. Mtoto inabidi aandikishwe na kwao. Nikasema kazi ndogo hiyo. Mimi ndivyo nilivyo, kazi nisiyoijua huwa naiona ndogo.

Wahispania kila mtu ana majina mawili ya ukoo, moja la baba, moja la mama. Na mwanamke akiolewa habadilishi kitu. Mke wangu ni Pilar Garcia Lopez. Mimi nilisoma kama tunavyosoma hapa: Pilar, baba yake Garcia, babu yake Lopez. Mwaka tuliooana wakwe walikuja Dar. Nikajipinda nionekane kijana mwenye adabu. Nikamuuliza baba mkwe, mbele ya watu, “Na mzee Lopez, yule babu, anaendeleaje? Bado anatembea mwenyewe?” Kimya. Mama mkwe akaacha kutafuna. Lopez ni yeye. Lopez ni ukoo wa mama mkwe! Jamani, nilitamani sakafu inimeze na sahani yangu ya pilau. Mpaka leo akipiga simu anajitambulisha, “Mzee Lopez hapa.”

Turudi kwenye kumwandikisha Rehema, ofisini kwa Wahispania. Karani akauliza ukoo wa baba. Nikajibu haraka, Hamisi. Akafungua pasi yangu. “Hapa pameandikwa Omari.” Nikamwambia Omari ni babu. Akasema yeye hakuuliza babu, anasoma kilichoandikwa. Na kweli, siku najaza fomu ya pasi, penye jina la ukoo nilitia la mwisho. La mwisho si la mwisho? Nani angejua kwamba siku moja litamrukia mtoto?

Ndiyo hivyo. Jina la kwanza la ukoo ni Omari, la pili Garcia. Rehema Omari Garcia. Nikahesabu kwa vidole. Juma hayumo. Hamisi hayumo. Babu yangu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Unguja kwa jahazi, yumo. Mimi ninayeamka saa tisa za usiku kubadilisha nepi, nimerukwa kama shimo la barabarani.

Nikadai basi tupange upya. Karani akasema kupanga ruksa. Zamani kwao wazazi wakinyamaza, la baba linatangulia lenyewe. Tangu mwaka 2017 hakuna kunyamaza, mnakubaliana lipi lianze. Mkishindwa, mnapewa siku tatu, halafu msajili anaamua mwenyewe kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Lakini kupanga ni kati ya Omari na Garcia tu. Juma halikuwa kwenye mnada. Na utaratibu wa huyu wa kwanza ndio utakaofuatwa na wadogo zake wote, kwa hiyo hata nikizaa timu ya mpira nitaendelea kurukwa.

Pilar akaniuliza taratibu, “Unataka Garcia lianze?” Hapo ndipo nikajikuta nampigania babu kwa jasho. Omari likaanza. Nikatia saini.

Jioni nikaenda kwa mama na karatasi. Akavaa miwani, akasoma kwa kidole. “Rehema... Omari.” Akasoma tena. Akanitazama. “Rehema binti Omari? Omari baba yake Hamisi?” Nikasema ndiyo, ila ni mambo ya kule. Mama akacheka mpaka akashika nguzo. Kwa hesabu ya hapa, binti Omari ni dada yake marehemu baba. Mwanangu ni shangazi yangu.

Pilar ananituliza. Anasema Rehema akipata kitambulisho cha kwao, upande wa nyuma huandikwa majina ya wazazi, mtoto wa Juma na Pilar. Nyuma, jamani. Kwa herufi ndogo.

Kwa sasa nina cheti kimoja cha Rehema Juma Hamisi na kingine cha Rehema Omari Garcia, na kila tukisafiri nabeba vyote viwili, pamoja na cheti cha ndoa, nieleze kwamba watoto hawa wawili ni mmoja. Na mama kila asubuhi anapita kwangu, anabisha hodi, ananipita mlangoni bila salamu, anamwinamia mtoto: “Wifi, umeamkaje?” Halafu ananigeukia: “Juma, mpishe shangazi yako, anataka kunyonya.”