Tarehe 31 Haipotei Yenyewe

Ukitaka kuona watu wazima wakigombana juu ya siku tatu, mpe mwanachama wa kikoba mkopo tarehe 31 Januari, kisha mwachie mweka hazina atengeneze ratiba ya marejesho kwenye Excel. Mkataba unasema mkopaji atarejesha kila mwezi kwa tarehe aliyochukulia fedha, kwa miezi 12. Sentensi hiyo ni nzuri na fupi, na aliyeiandika hakuwa na kalenda mbele yake. Miezi saba ya mwaka ina tarehe 31 na mitano haina, na kati ya hiyo mitano kuna Februari, ambayo kwa mambo ya madeni ni mwezi wa kuogopwa kuliko hata Januari ya ada za shule. Hoja yangu ni kwamba Excel inalimudu jambo hili vizuri kabisa kwa fomula ya EDATE, na kwamba ugomvi unaotokea baadaye unatokana na sisi kuianzishia hesabu mahali pasipofaa.

EDATE inataka vitu viwili tu: tarehe ya kuanzia, na idadi ya miezi ya kuongeza. Ukiipa Januari 31, 2025 na mwezi mmoja, inakupa Februari 28, 2025. Haikuletei kosa, wala haivuki kuingia Machi. Inaenda kwenye mwezi ulioutaja, inatafuta tarehe ileile, na ikikuta haipo inashika siku ya mwisho ya mwezi huo. Kama badala ya tarehe seli inakuonyesha 45716, usipige simu kwa fundi: hiyo ndiyo Februari 28, 2025 kwa hesabu ya ndani ya Excel, na ukibadilisha umbo la seli liwe la tarehe mambo yanatulia. Ila usimtumie mkopaji ujumbe kabla hujabadilisha, maana kumwambia mtu deni lake linaiva siku ya 45716 ni kumpa nafasi ya kupumua ambayo kikao hakikuipitisha.

Sasa tazama kinachofanyika kwenye madaftari mengi ya kompyuta. Rejesho la kwanza linawekwa kwenye seli B4, likihesabiwa kutoka tarehe ya mkopo iliyo B1. Kisha mtu anaandika kwenye B5 fomula inayoongeza mwezi mmoja juu ya rejesho lililotangulia, anaiburuta mpaka chini, na anaenda kunywa chai.

```
=EDATE(B4,1)
```

Februari 28 imeongezwa mwezi, ikawa Machi 28. Machi 28 ikawa Aprili 28, na hivyo hivyo hadi rejesho la mwisho, Januari 28, 2026. Tarehe 31 imetoweka kwenye ratiba na hairudi tena, kwa sababu kila mstari unamuuliza jirani wa juu yake tu, na jirani huyo hana habari ya siku ambayo fedha zilitoka. Mkopaji anayefika Machi 31 na noti zake mkononi, kwa mujibu wa mkataba aliousaini, anaambiwa amechelewa siku tatu na faini inamsubiri. Hapo ndipo viti vinapoanza kusogezwa.

Dawa yake ni kuandika namba 1 hadi 12 kwenye safu A, kuanzia A4, kisha kila rejesho lihesabiwe kutoka siku ya mkopo yenyewe:

```
=EDATE($B$1,A4)
```

Alama za dola zinaishikilia B1 isihame fomula inapoburutwa. Februari inabaki 28, lakini Machi inarudi 31, Aprili inakuwa 30, Mei 31, na rejesho la 12 linatua Januari 31, 2026, mwaka mmoja kamili. Ufupi wa Februari umeishia Februari. Njia rahisi ya kukagua ratiba ya mtu mwingine ni kutazama mstari wa mwisho: kama mkopo wa tarehe 31 Januari unaisha tarehe 28 ya Januari nyingine, jua hesabu zilifungwa mkia kwa mkia. Na msiiandame Februari peke yake. Mkopo wa Mei 31 kwa fomula ile ya kwanza unakwama vilevile: unaingia Juni 30, na mwezi Julai unaendelea na 30 kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Wapo watakaosema tarehe 28 kila mwezi ni nzuri, inakumbukwa kirahisi. Sikatai. Lakini basi iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo na wote wakubaliane. Isiingizwe kinyemela na fomula katikati ya safari. Wengine, hasa wale wasiopenda fomula, wanapendekeza kuongeza siku 30 na kumaliza maneno. Tuwafuate hatua kwa hatua. Januari 31, 2025 ukiongeza siku 30 unapata Machi 2, kwa hiyo Februari mkopaji hadaiwi hata senti. Kisha Aprili 1, kisha Mei 1, Sikukuu ya Wafanyakazi, kisha Mei 31. Mei moja, marejesho mawili, na mshahara wa mwajiriwa unaingia mara moja tu. Mtu huyo hatakumbuka kwamba Februari alistarehe.

Pingamizi lenye uzito ni moja. Mkopo ukitolewa Aprili 30, EDATE itatoa Mei 30, Juni 30, Julai 30. Je, kama kikundi kilimaanisha mwisho wa mwezi, na Aprili 30 ilikuwa mwisho wa mwezi? EDATE haiwezi kujua mlikuwa na nia gani; yenyewe imeona namba 30 tu. Kama makubaliano ni siku ya mwisho ya kila mwezi, fomula yake ni nyingine:

```
=EOMONTH($B$1,A4)
```

Hiyo itatoa Mei 31, Juni 30, Julai 31, na Februari itafika ilivyo. Ukitoa mkopo Januari 31 fomula hizi mbili hukubaliana mwaka mzima, na ndiyo maana wengi huzichanganya bila kujua, mpaka aje mkopaji wa Aprili 30. Kwa hiyo mkataba useme mojawapo waziwazi.

Linabaki suala la siku zisizo za kazi. Katika ratiba yetu, Mei 31, 2025 ni Jumamosi na Agosti 31 ni Jumapili. Kusogeza malipo hadi Jumatatu ni uungwana, ila tarehe iliyosogezwa ikae safu C, na safu B ibaki ilivyo. Sikukuu ziorodheshwe pembeni, tuseme kuanzia H2 hadi H20:

```
=WORKDAY(B4-1,1,$H$2:$H$20)
```

Fomula inarudi siku moja nyuma, kisha inatafuta siku ya kazi inayofuata; kama B4 yenyewe ni siku ya kazi, inabaki palepale. Ukihesabu miezi inayofuata kutoka safu C, umerudi kwenye ugonjwa uleule wa tarehe kuteleza, safari hii kwa kwenda mbele. Na ile orodha ya safu H haiwezi kufungwa mwezi Januari. Rejesho la Machi 31, 2025 liliangukia siku za Idi ya Fitri, na Idi hutegemea kuandama kwa mwezi. Ikitangazwa usiku, mweka hazina hana budi kufungua kompyuta usiku huohuo na kuiandika kwa mkono.