Jinsi ya Kuishi Ngong Bila Pua na Usishtukiwe

Mafua ya Julai yamekuachilia, yale ambayo upepo wa vilima vya Ngong huyagawa bure, lakini chai imekuwa maji moto yenye sukari. Hongera. Sasa unaweza kukaa ndani ya matatu ya 111, madirisha yote yamefungwa, na usijue kwamba abiria wa pembeni amebeba omena. Ukitaka raha hii idumu, fuata mwongozo huu.

Anza kwa kumlaumu mpishi. Mwambie githeri haina ladha, kisha uimwagie chumvi. Usimsikilize atakayekwambia kuwa ulimi wako ni mzima na bado unajua chumvi, utamu, ukali wa ndimu na uchungu. Kilichopotea ni harufu ile inayopanda puani kupitia nyuma ya koo unapotafuna, na bila hiyo dania na nyasi ni ndugu.

Kisha jipime kwa dawa ya kupaka kifuani. Ivute kwa nguvu. Ikikuchoma, tangaza kwamba umepona. Shida ni kwamba mchomo na ubaridi hupitia neva nyingine ya uso, wala si ya harufu. Hata asiyenusa chochote hulia akikata kitunguu. Watu wagumu hufumba macho wakamwomba mtu awasogezee kikombe chenye kahawa kavu, halafu kitupu, bila mpango, mara kadhaa. Wewe usijaribu. Unaweza kupata jibu.

Kwenye gesi, jiamini. Tuseme unaishi chumba kimoja, una mtungi wa kilo 6, na mpira wa kuzuia gesi kwenye regyuleta umechakaa. Gesi ya kupikia haina harufu yake. Ule uvundo ni kemikali inayotiwa makusudi ili pua ya binadamu ishtuke. Kengele ya nyumba yako ilikuwa puani, nawe umeizima. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda huku wewe ukitafuta kiberiti kwa utulivu mkubwa.

Mwoga hufanya hivi: kila akibadilisha mtungi, hupaka povu la sabuni kwenye valvu, regyuleta na paipu. Povu likitoa mapovu mapya yanayokua, hufunga valvu na kuurudisha mtungi dukani. Akimaliza kupika hufunga kwenye mtungi, si kwenye jiko tu. Hununua kengele ya gesi na kuifunga chini karibu na sakafu, kwa sababu ile ya kupachikwa darini itakuwa ya mwisho kujua. Na mwenye pua akisema kunanuka gesi, hufungua mlango na kutoka bila kugusa swichi ya taa, wala kuiwasha wala kuizima. Kutafuta uvujaji kwa kiberiti pia hufaulu, mara moja.

Chakula nacho kinuse, ukiona ni haki yako. Au uandike tarehe kwenye mkebe wa githeri kabla ya kuutia kwenye friji, uile ndani ya siku tatu, na uyachemshe maziwa ya jana: yakikatika, yamechacha. Nyama mpe mwenye pua aipime. Lakini hata yeye asikupumbaze, maana viini vingi vya kuhara havina harufu.

Mazoezi ya pua yaache kabisa. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti kuhusu harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Waliopoteza harufu walizinusa asubuhi na jioni kwa wiki 12, na baadhi yao walipata nafuu zaidi ya wasiofanya. Mafuta ya waridi ni ghali, lakini karafuu na ganda la limau viko jikoni, na mikaratusi Ngong hailipiwi. Kila harufu hunuswa taratibu kama sekunde 10, ukikumbuka ilivyokuwa, kisha unapumzika kidogo kabla ya inayofuata. Hakuna kinachotiwa ndani ya pua. Wengi huacha wiki ya pili, kwa kuwa hawahisi kitu, ambapo ndipo kazi ilikuwa inaanza.

Pua iliyoziba tu huweza kurudi ndani ya siku chache. Neva zikiwa zimeumia, zinajijenga upya polepole, na wengi huona nafuu kwa miezi, wengine baada ya mwaka, na wachache hawarudishiwi yote. Huenda katikati ya safari kahawa ikanuka kama tairi linaloungua. Mkasirikie muuzaji, ingawa mara nyingi ni ishara kwamba neva zinaunganika, japo vibaya kwa sasa. Ila kama ni tundu moja tu lililokufa, au kuna damu, au ulianguka ukagonga kichwa, mwongozo huu haukuhusu. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.