Namna ya Kuliwa Hela kwa Simu Bila Kutoka Kasingirima

Kama una hamu ya kubaki mweupe mfukoni, usihangaike kupanda treni ukatapeliwe Dar es Salaam. Simu ya tochi inatosha, na Kasingirima mtandao unashika vizuri. Fuata tu utaratibu huu.

Anza na makato, maana hayo unaliwa kihalali. Kuweka hela kwa wakala ni bure, kwani kamisheni yake analipwa na kampuni. Basi wakala akikuomba "ya kuwekea", mpe, na macho yako yasifike kabisa kwenye bango la makato lililobandikwa ukutani. Ukituma, unakatwa wewe unayetuma. Uliyemtumia akitoa, anakatwa yeye anayetoa. Ndiyo sababu shangazi yako wa Tabora hakuombi elfu hamsini, anaomba elfu hamsini "na ya kutolea". Isahau hiyo ya kutolea, halafu subiri kusemwa kwenye arusi ijayo.

Ukitaka kukatwa zaidi, toa hela kidogo kidogo. Makato yanakwenda kwa madaraja, na kiasi kikubwa kikitolewa kwa mkupuo karibu kila mara hukatwa pungufu ya vipande vyake vikijumlishwa. Tuchukue namba za mfano: kutoa 60,000 unakatwa 3,000, na kutoa 20,000 unakatwa 1,800. Mwenye papara anatoa yote mara moja. Wewe mjanja unatoa mara tatu, unakatwa 5,400, na ile 2,400 iliyozidi unakuwa umemzawadia mwenye mtandao. Yuko pia wakala anayekwambia, "Keshi haitoshi, toa nusu sasa, nusu baadaye." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine anatafuta kamisheni mbili, na wewe ndiye unayelipia.

Sasa tufike kwenye utapeli wenyewe. Tuseme wewe ni mama wa dagaa, umerudi kutoka mwaloni, na kwenye simu una 95,000 ya kununulia mzigo wa kesho. Ujumbe unaingia: umepokea 80,000, salio lako jipya ni 175,000. Dakika haijaisha, simu inaita.

"Shikamoo mama. Mama yangu, nimekosea namba, hiyo ni ada ya mtoto. Naomba unirudishie, hata elfu tano bakiza ya soda."

Hapa usiharibu mambo. Usiangalie ujumbe umetoka wapi, maana wa kweli hutoka kwa jina la huduma, kama M-PESA, na huu umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Usipige *150*00# kuangalia salio, utakuta 95,000 yako iko palepale, haijaongezeka hata shilingi. Mwonee huruma mtoto wa watu, tuma 75,000 upesi. Umebaki na 20,000, ukiondoa makato ya kutuma. Mzigo wa kesho umekwisha kuliwa, na soda hujainywa.

Kuna na njia ya mafundi. Safari hii hela imeingia kweli, na salio limepanda. Aliyekosea amepiga 100, huduma kwa wateja, ameomba muamala urudishwe. Wewe kwa wema wako ukimtumia pia kwa mkono wako, kampuni nayo ikauvuta ule muamala wa mwanzo, utakuwa umelipa mara mbili. Watu wachoyo humjibu tu, "Piga 100, mwanangu, watairudisha wenyewe," kisha hawaigusi hela ile. Na wakikosea wao, hupiga 100 papo hapo wakiwa na namba ya muamala mkononi, kwa sababu hela iliyokwisha kutolewa kwa wakala ni shida kuirudisha. Wewe subiri hadi Ijumaa.

Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usimpigie mtu uliyekuwa na deni naye. Tuma tu. Jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri lipite haraka kama tangazo, ingawa limewekwa hapo ili uone hela inakwenda kwa nani. Namba ya siri yenyewe fanya mwaka uliozaliwa. Simu mkabidhi kijana wa kibandani akubonyezee, umtajie kwa sauti ili foleni nzima isikie. Akikupigia mtu wa "makao makuu" akaitaka, mpe, usiulize kwa nini kampuni iliyokutengenezea menyu ya kuiingiza mwenyewe inaitaka kwa mdomo.

Mwisho, usijue laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wadadisi hupiga *106# wakaziona, na wakikuta wasiyoijua huenda kwa mtandao husika ifungwe. Haohao, wakipata ujumbe wa tapeli, huusambaza kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli. Kisha huufuta, huendelea kuanika dagaa wao.