Milioni 46 za Ukurasa

Mkosi wa muhtasari unaotungwa na kompyuta huanzia pale sentensi inapovuka ukurasa. Tuseme taarifa ya chama cha kuweka na kukopa imepigwa picha kwa simu. Ukurasa wa 46 unaishia na “wanachama walikopeshwa shilingi milioni”, na wa 47 unaendelea “12 kwa riba nafuu”. Katikati pana namba ya ukurasa chini na kichwa kinachojirudia juu, na programu ya kusoma maandishi inavisoma vyote kwa utiifu wa karani aliyeajiriwa jana: “shilingi milioni 46 TAARIFA YA MWAKA 2019 12 kwa riba nafuu”. Muhtasari unatoka na mkopo wa milioni 46, na taarifa yenye sura tano inajikuta na sura themanini, zote zikiitwa “Taarifa ya Mwaka 2019”. Namba ya ukurasa imekopeshwa, na sijui nani atailipa.

Kuna watakaosema tukate tu ukanda wa juu na wa chini wa kila picha. Ushauri huo unafaa karatasi iliyolazwa kwenye skana. Kitabu kilichoshikiliwa kwa kidole gumba hupinda kuelekea mgongoni, kwa hiyo mkato ulionyooka hula mstari wa kwanza upande mmoja na kuacha kichwa upande wa pili. Wengine watataka ifutwe kila namba iliyokaa peke yake. Hapo jumla iliyo chini ya jedwali nayo itafutika, na mhazini ataanza kutazamwa vibaya.

Ukurasa mmoja haujishuhudii, waulizwe majirani. Linganisha mistari ya juu na ya chini, kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia, maana vitabu vingi huweka jina la kitabu upande mmoja na la sura upande mwingine. Vumilia tofauti ndogo, kwa kuwa kivuli kikipita “TAARIFA” husomwa “TAAR1FA”. Namba ya ukurasa hujulikana kwa kupanda moja moja, tabia ambayo jumla za fedha hazina. Ukiitoa, iandike pembeni kabla ya kuunga sentensi: ikiruka kutoka 47 hadi 50, karatasi mbili zilifunuliwa pamoja.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba si kila kinachojirudia ni takataka. Jina la sura huchapwa kwanza kama kichwa halisi, ndipo kurasa zinazofuata huliiga. Anayefuta kwa pupa huua mzazi pamoja na nakala. Kile cha kwanza, chenye herufi kubwa na nafasi chini yake, kibaki. Kamusi nayo hugeuza kanuni yote, kwani neno la juu hubadilika kila ukurasa. Huko linganisha neno hilo na kidahizo cha kwanza au cha mwisho cha ukurasa huohuo. Yakilingana, la juu litoke.