Pongezi kwa Mlinzi wa Garanti

Ndugu yangu, pokea pongezi. Banki za Goma zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, wengi walihangaika kutafuta makuta kwa simu. Wewe ulichagua mshikamano: ukafunga na mfuko wako.

Mwenye nyumba hana shida na wewe. Kodi ni dola 60, 30 kwa kila mmoja wetu. Kwa miezi mitatu sehemu yako, dola 90, ameikata kwenye garanti niliyoweka mimi, wala hakukuamsha usingizini. Nyiragongo yenyewe haina subira yako: ililipuka 1977, 2002, tena 2021. Wewe, kimya kabisa.

Na heshima unayowapa masufuria! Huyagusi. Jumamosi ukitoka kwenda salongo kufagia barabara ya watu wote, mimi nabaki chumbani na ufagio wetu, nakuombea nguvu.

Ijumaa jioni napika sombe na sambaza. Chini ya sahani yako nimebandika namba yangu ya Airtel Money, usije ukakosa pa kuzipeleka zile 90. Na bido mbili tupu ziko mlangoni; zimekataa kwenda kuchota maji na mtu mwingine.